YAH: Malalamiko kuhusu mfumo wenu kusoma vibaya nukta na mkato katika picha za ankara za nje

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkuu wa Idara ya Ufundi

Ndugu Meneja,

Mimi ni mhasibu mkuu wa kampuni inayoagiza bolti, beringi na spea kutoka nje na kuziuza Dar es Salaam. Tunalipia mfumo wenu ili usome picha za ankara za wauzaji wetu na kuingiza kiasi moja kwa moja kwenye vitabu. Ankara za hapa nyumbani unazisoma vizuri, na kwa hizo sina lalamiko. Ankara za Ujerumani, Italia na Omani ndizo zimetuletea hasara. Majibu tuliyopata kwa simu na kwa barua pepe hayajagusa kiini cha tatizo, ndiyo maana naandika barua rasmi.

Nianze na ankara ya Ujerumani, ambayo picha yake nimeiambatisha. Sehemu inayohusika imeandikwa hivi:

```
Menge   Einzelpreis   Gesamtpreis
500     2,480         1.240,00
200     6,750         1.350,00
Summe EUR             2.590,00
```

Safu ya kwanza ni idadi, ya pili ni bei ya kimoja, ya tatu ni jumla ya mstari. Wajerumani hutumia mkato kutenga desimali na nukta kutenga elfu, na wauza bolti wengi huandika bei ya kimoja kwa tarakimu tatu za desimali kwa sababu bidhaa ni ndogo na huuzwa kwa mamia. Kwa hiyo bolti moja ni yuro 2.48, na bolti mia tano ni yuro 1,240.

Mfumo wenu ulisoma jumla za mistari sawasawa, 1,240.00 na 1,350.00, lakini bei za kimoja ukaziandika 2,480.00 na 6,750.00. Kisha ukapiga hesabu upya kutoka kwenye bei hizo, ukapata yuro 2,590,000.00, na ukafuta ile 2,590.00 uliyokuwa umeisoma vizuri. Stoo yetu ikawa na bolti za yuro elfu mbili na zaidi kila moja.

Kwa jinsi mfumo ulivyofanya katika ankara zote nilizopitia, kanuni yake inaonekana wazi. Kiasi kikiwa na alama zote mbili, kama "1.240,00", mfumo huichukulia ya mwisho kuwa ya desimali, na hapo haukosei. Kikiwa na alama moja tu ikifuatwa na tarakimu tatu, kama "2,480", namba hiyo peke yake haitoi jibu, na mfumo huamua kwa kufuata nchi ya akaunti ya mteja. Akaunti yetu ni ya Tanzania, ambako duka huandika 12,500/= na kila mtu anaelewa kuwa ni elfu kumi na mbili na mia tano. Lakini aliyeandika ankara ni Mjerumani. Nchi yangu haina neno lolote la kusema kuhusu namna yeye anavyoandika namba zake.

Na uthibitisho ulikuwepo kwenye ukurasa ule ule. Mara 500 kwa 2.480 ni 1,240.00, sawa na jumla iliyoandikwa. Mara 500 kwa 2,480 ni 1,240,000, ambayo haipo popote kwenye karatasi. Kila mstari ulikuwa na jibu lake, na mstari wa pili unathibitisha wa kwanza. Mfumo ulipoona hesabu haikubaliani, ungepaswa kusimama na kumwita mtu, badala ya kuifuta namba iliyo sahihi ili ilingane na iliyo mbaya.

Mtu wenu wa huduma alituuliza kwa nini mkaguzi wetu hakuona. Naomba mtazame skrini yenu kwa macho ya mkaguzi. Kwenye picha upande wa kushoto kuna "2,480". Kwenye kisanduku upande wa kulia kuna "2,480.00". Tarakimu ni zile zile, mkato uko pale pale, na sufuri mbili za mwisho zinaonekana kama mapambo ya kawaida ya hesabu. Mnamwonyesha namba ambayo tayari imetafsiriwa, kwa sura inayofanana na ile ya karatasi, halafu mnamuuliza kama zinafanana. Zinafanana kweli, ila thamani zake zimepishana mara elfu moja. Maandishi ghafi yaliyosomwa kwenye picha, kabla ya kubadilishwa kuwa kiasi, hayaonyeshwi popote na wala hayahifadhiwi, kwa hiyo hata baadaye hatuwezi kufuatilia kosa liliingilia wapi.

Kosa linalokuza kiasi angalau hupiga kelele. Linalopunguza ndilo baya zaidi. Ankara ya Italia ilikuwa na bidhaa nyingi zilizosomwa vizuri, na chini kabisa gharama ya usafirishaji imeandikwa "Trasporto € 1.085", yaani yuro elfu moja themanini na tano. Mfumo ulisoma nukta kuwa ya desimali, ukapata 1.085, kisha ukakadiria kuwa 1.09. Ukadiriaji huo ulifuta dalili ya mwisho, kwa sababu mtu angeiona 1.085 angejiuliza ni senti gani hizo zenye tarakimu tatu. Tulilipa pungufu kwa yuro 1,083.91, na muuzaji akazuia shehena iliyofuata mpaka tulipomaliza deni ambalo vitabu vyetu havikuwa nalo.

Jibu mlilotupa lilikuwa mambo mawili. La kwanza, kwamba wauzaji wetu wanaandika namba isivyo kawaida. Si kweli. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, CGPM, uliazimia mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, na ukakumbusha azimio la mwaka 1948 kwamba makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, pasipo nukta wala mkato. Wafanyabiashara wachache hufuata hilo la nafasi kwenye ankara, lakini kwa upande wa desimali Mjerumani na mkato wake yuko sahihi kama sisi tulivyo sahihi na nukta yetu.

La pili, mlitushauri tubadilishe mpangilio wa akaunti nzima uwe wa Ulaya. Tulifanya hivyo, na ankara za Ujerumani zikakaa sawa. Kisha ikaja ankara ya vichujio kutoka Maskati:

```
50    2.405    120.250
30    8.850    265.500
Total OMR      385.750
```

Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo kiasi chake huandikwa kwa tarakimu tatu za desimali. Deni letu lilikuwa riali 385 na baisa 750, takribani dola 1,003 za Marekani. Kwa mpangilio wa Ulaya mfumo ukasoma riali 385,750, yaani zaidi ya dola milioni moja.

Naomba idara yenu ya ufundi isimame hapa kidogo, maana ankara hii inaonyesha mpaka wa ule ukaguzi wa hesabu niliousifu hapo juu. Mara 50 kwa 2.405 ni 120.250, na mara 50 kwa 2,405 ni 120,250. Mistari miwili ikijumlishwa inatoa 385.750 au 385,750. Kila kitu kinakubaliana kwa usomaji wowote, kwa kuwa kiasi chote kimepanda kwa pamoja mara elfu moja. Hapo hesabu ni bubu, na ushahidi lazima utoke kwingine. Ulikuwepo, nao ni sarafu. Orodha ya kimataifa ya ISO 4217 inaipa OMR desimali tatu, sawa na dinari za Kuwaiti na Bahareni, na inaipa EUR mbili. Kiasi cha riali chenye nukta moja na tarakimu tatu baada yake, mstari baada ya mstari, kina maelezo ya kawaida kabisa.

Mpangilio mmoja kwa akaunti nzima hauwezi kumfaa mtu anayenunua Hamburg na Maskati wiki moja. Wahindi nao huandika laki moja na ishirini na tano elfu kama "1,25,000.00", na makundi hayo ya tarakimu mbili mfumo wenu huyakataa kama kosa la uchapaji. Namna ya kuandika ni mali ya ankara, na itafutwe kwenye ankara yenyewe: lugha yake, sarafu yake, na namba nyingine za ukurasa huo zisizo na utata.

Hata hivyo kujua namna ya nchi hakutoshi picha ikiwa hafifu. Karani wetu wa ghala hupiga picha kwa simu. Herufi za pointi 10 zikiwa kwenye picha ya dpi 150, nukta ina upana wa pikseli kama mbili, na mkato huitofautisha kwa kimkia kidogo tu. Kimkia kikipotea, "3,125" ya Mjerumani inakuwa "3.125", na kwa mpangilio wa Ulaya inageuka elfu tatu mia moja ishirini na tano. Mfumo wenu huonyesha rangi ya kijani kwa wastani wa uhakika wa namba nzima. Tarakimu nne zilizosomwa vizuri huficha alama moja yenye shaka, wakati alama hiyo ndiyo inayobeba thamani.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Maandishi ghafi yahifadhiwe na kuonyeshwa kando ya kiasi kilichotafsiriwa, na kiasi hicho kiandikwe pia kwa maneno au kwa sura isiyoweza kufanana na karatasi. Alama ipewe kipimo chake cha uhakika peke yake. Jumla iliyosomwa isifutwe kamwe na jumla iliyopigwa na mfumo. Pale ambapo hesabu na sarafu zote mbili zimeshindwa kuamua, kisanduku kibaki tupu mpaka mtu aamue. Ukadiriaji wa desimali usifanyike kabla ya mtu kuidhinisha.

Tunadai pia mtutolee orodha ya kila kiasi kilichoingia vitabuni kwetu kutokana na alama moja ikifuatwa na tarakimu tatu, ili tukipitie dhidi ya picha, na ada ya miezi ambayo makosa haya yametokea irudishwe. Tangu leo tumezima uingizaji wa moja kwa moja kwa ankara zote za nje na tunaziandika kwa mkono.

Tunasubiri jibu la maandishi kutoka Idara ya Ufundi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tusipolipata, tutasitisha mkataba kwa mujibu wa kifungu cha ubora wa huduma.

Wako katika kazi,

Mhasibu Mkuu
Dar es Salaam

Viambatisho: picha za ankara tatu zilizotajwa, picha za skrini za visanduku vya kila ankara, nakala ya majibu ya huduma kwa wateja.