Barua kwa vijana wenye mashine za alizeti: mbuzi wa dalali

Wanangu wa Kizota, Nzuguni na kote mnakokamua alizeti hapa Dodoma,

Mimi ni mama yenu. Nilishika funguo za stoo na mizani miaka kumi na minne kabla magoti hayajanikatalia. Sikupanga kuandika chochote msimu huu. Nimeandika kwa sababu mwezi uliopita mmoja wenu (simtaji, atajijua) alimfukuza binti wa mizani kwa kosa la kupokea doti mbili za kanga kutoka kwa dalali. Nilipofika kumsabahi nikakuta karatasi mpya ukutani: ZAWADI NI MARUFUKU. Gundi ilikuwa haijakauka. Nikamwuliza, binti aliisoma lini hii? Kimya. Nikamwuliza tena, na wale mbuzi wawili waliochinjwa kwenye kipaimara cha mwanao waliletwa na nani? Akatazama chini. Dalali ni yuleyule.

Kisha mwenzake akanionyesha kwenye simu "sera" yao waliyoichukua kwa kampuni fulani ya nje. Inasema mfanyakazi asipokee zawadi inayozidi dola 50. Dola! Mtu anayeshika bambo pale mlangoni mnamlipa kiasi gani kwa siku, wanangu? Kiwango kama hicho ni ruhusa tu ya kumnunua kwa awamu.

Nianze na mbuzi wangu mwenyewe, maana nami sikuzaliwa na akili hii.

Mwaka mmoja dalali aliyekuwa akituletea alizeti alimpelekea mnunuzi wetu beberu wa sikukuu. Thamani yake ilikuwa kama shilingi 90,000. Niliona, nikacheka, nikasema mkono mtupu haulambwi. Hata kipande cha paja nilitumiwa, nikala. Msimu ulipofunguka, dalali akaleta gari la magunia 100 ya kilo 65, yaani kilo 6,500. Utaratibu wetu ulikuwa kuchoma bambo gunia moja katika kila kumi, pembeni na katikati, kupima unyevu, na kuchekecha sampuli tuone mchanga na maganda. Unyevu ukivuka asilimia 10, au uchafu ukizidi, tunakata uzito au tunarudisha gari. Siku ile mnunuzi alichoma magunia matatu ya nyuma, yaliyokuwa mlangoni, akasema safi.

Niligundua kwenye mashine. Gunia lililokuwa likitupa lita 17 mpaka 18 likawa linatoa 15 na kidogo, mafuta yana ukungu, mashudu yanatoka laini kama ugali mbichi. Nikachukua magunia yaliyobaki nikapima mwenyewe. Sehemu saba katika kila mia ilikuwa maji na mchanga ambao tulipaswa kuukata kwenye malipo. Saba katika mia ya kilo 6,500 ni kilo 455. Kilo tulinunua shilingi 900. Gari moja likatupotezea shilingi 409,500. Na lilikuwa gari la tano. Kama yote yalifanana, yule beberu wa 90,000 alitugharimu zaidi ya milioni mbili, na paja lake nilikuwa nimelila mimi.

Mnunuzi alilia, akaapa kwamba dalali hakumwomba kitu. Ninamwamini mpaka leo. Ndivyo zawadi inavyofanya kazi: humwombi mtu aliyekupa mbuzi afungue magunia yote juani mbele ya watoto wake. Unaona haya. Dalali mjuzi hanunui saini yako, ananunua ile haya.

Kwa hiyo mkikaa kuandika sera, msianze na maneno makubwa ya uadilifu. Anzeni pale mlangoni: ni nani akilegea mkono tunapoteza kilo? Ni anayechoma bambo, anayesoma mizani, anayepanga orodha ya malipo, na ninyi wenye mali. Hao wanne kiwango chao kwa mtu anayetuuzia mbegu ni sifuri. Si kanga, si soda, si kuku. Mlinzi, fundi na mpishi wanaweza kuwa na kiwango kidogo. Kwangu leo ningeandika shilingi 10,000 kwa mara moja, na 30,000 kwa mwaka mzima kutoka kwa mtu mmoja. Hilo la mwaka msilisahau. Bila hilo, kuku mmoja kila Ijumaa atapita chini ya kiwango mpaka banda lijae. Na andikeni kwamba kilichopelekwa kwa mke, mume, mzazi au mtoto kimehesabiwa kwa mfanyakazi mwenyewe.

Fedha hazina kiwango. Iwe taslimu, ya kwenye simu, vocha, mkopo wa "utanirudishia", au ada ya mtoto iliyolipwa shuleni, jibu ni moja.

Sasa nisikilizeni kwenye michango, maana hapa ndipo mnapojidanganya. Kadi ya mchango wa harusi kwa mtu anayekuuzia ni hati ya madai. Mnunuzi wako anamweka dalali kwenye kundi la wasapu la kamati, dalali anaahidi laki tano mbele ya watu, wote wanapiga vigelegele. Hiyo laki tano atairudisha wapi kama si kwenye mizani yako? Andikeni wazi: hakuna mfanyakazi wala mwenye mali kumpelekea msambazaji kadi, wala kumwingiza kwenye kundi la michango. Msiba ni kitu kingine; aje, akae mkekani, atoe rambirambi yake kama jirani, na iandikwe. Wanaoniambia hii ni kuua utamaduni wetu nawakumbusha kwamba nchi hii iliwahi kuingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, tukaambiwa ni ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Bibi zetu wa Kigogo walimpa mgeni chakula. Hawakumpa mpima mbegu wao. Sisi ndio tumechanganya hayo mawili, na viongozi wetu wakatuonyesha njia.

Chakula cha kijijini basi. Ukienda Kongwa au Bahi kununua, ukapewa ugali na mlenda, kula. Kinacholiwa palepale na wote ni ukarimu. Kuku akifungwa miguu akaingizwa kwenye gari lako, huyo ni zawadi. Ukishindwa kumkataa bila kumtukana mwenyeji, mlete kazini, aandikwe, aliwe na wafanyakazi wote mchana.

Aandikwe wapi? Kwenye daftari la mistari, la kawaida. Tarehe, nani katoa, nani kapewa, kitu gani na thamani ya kukadiria, yule mtoaji ana jambo gani kwetu wakati huo, kwa mfano gari linasubiri kupimwa au malipo yamekwama, kitu kimefanywa nini, saini mbili. Iandikwe siku hiyohiyo, ikichelewa sana kesho yake. Zilizokataliwa nazo ziandikwe, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha nani anajaribu milango. Daftari lisikae kwa mnunuzi, na ukurasa wa kwanza uwe na jina la mwenye mali. Nilisema mbuzi wawili wa kipaimara. Waandikwe.

Daftari peke yake halitakamata mtu, maana mla rushwa haandiki. Lisomeni kila mwisho wa mwezi pamoja na kitabu cha mapokezi. Tafuteni msambazaji ambaye magari yake hayajawahi kukatwa hata kilo moja huku wenzake kutoka kijiji kilekile wanakatwa. Tafuteni anayepokelewa zamu ya mtu mmoja tu, au anayelipwa akiwaruka waliotangulia. Mara mojamoja kamueni mzigo wake peke yake mhesabu lita. Mashine haina shemeji.

Kwa wanaowauzia, andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha sokoni, wasomeeni kwa sauti kabla msimu haujafunguliwa, waweke saini au dole gumba. Iseme: hatupokei, usilete. Mtu wetu akikuomba, piga namba hii, na iwe namba ya mtu asiyenunua. Ukitoa taarifa hupotezi nafasi yako. Ukitoa zawadi ya siri, mara ya kwanza unaonywa kwa maandishi, mara ya pili unakaa nje msimu mzima. Halafu iongezeni ahadi yenu ninyi, ambayo kila mtu huisahau: mzigo utapimwa mbele yako, na utalipwa kwa kufuata tarehe ya kupokelewa, orodha ikiwa imebandikwa. Wengi hawatoi kwa uovu. Wanatoa kwa sababu mnawazungusha wiki tatu huku deni la trekta linawasubiri. Mkichelewesha malipo, mnaiuza foleni hata kama hamjui.

Sheria nitaigusa tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watu wa serikali. Mfanyakazi wa mashine ndogo akipokea kitu ili apindishe kazi ya mwajiri wake, naye yumo. Kwa hiyo kiwango chenu cha 10,000 si ngao. Hata 2,000 iliyotolewa ili bambo lichomwe pembeni ni rushwa. Na ninyi mnapompa mkaguzi dumu la mafuta "la kuonja", ni rushwa ileile. Ofisi za TAKUKURU mnazijua, na namba yao ya bure ni 113.

Nirudi kwa binti. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi aadhibiwe kwa kanuni aliyoijua, au aliyotarajiwa kuijua. Karatasi iliyobandikwa baada ya kosa haimhusu, na akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi sioni utajitetea na nini. Mrudishe. Mlipe siku zake. Kanga ziandikwe mstari wa pili wa daftari, chini ya mbuzi wako, na zote thamani yake arudishiwe dalali kwa risiti. Kisha msomee sera kama utakavyowasomea wengine, aweke saini baada yako.

Nakala ya barua yangu ya zamani ya wasambazaji ninayo, imeliwa na mende pembeni lakini inasomeka. Njooni mwichukue Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda mnadani Msalato. Na msiniletee kitu.

Mama yenu,
aliyekula paja