Kidonda kimepona, virusi vya kichaa cha mbwa viko njiani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu hapa Arua. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, mvulana wa miaka minane, aliumwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Mama yake alipaka mafuta ya taa na majivu, kidonda kikafunga, wakasahau. Wiki ya saba mtoto akaanza kujikuna kovu: "Mama, ni kama sisimizi wanatembea ndani." Kesho yake akapata homa. Siku ya tatu aliomba maji, lakini kikombe kilipokaribia mdomo koo lilikaza, akakisukuma huku analia. Hakumaliza wiki.

Mama yake aliniuliza, "Sista, si kidonda kilikuwa kimepona?"

Kilipona kweli. Ila mate ya mbwa yalikuwa yameacha virusi vya kichaa cha mbwa ndani ya nyama. Huweza kukaa hapo siku nyingi, kisha huingia kwenye ncha za neva na kupanda ndani yake, pengine sentimita chache kwa siku, hadi uti wa mgongo na ubongo. Havisafiri kwa damu, kwa hiyo kinga ya mwili haivishtukii na kupima damu kabla ya dalili hakusaidii kitu. Tangu kuumwa hadi dalili, mara nyingi hupita miezi miwili au mitatu. Aliyeumwa usoni ana muda mfupi zaidi. Kovu linapoanza kuwasha, virusi vimeshafika mbali, na tangu hapo hakuna dawa inayojulikana kumwokoa mtu.

Chanjo nayo inahitaji muda: mwili huchukua kama siku saba hadi kumi na nne kutengeneza kingamwili za kutosha. Ndiyo maana jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kwani sabuni huvunja ganda la mafuta la virusi. Chanjo ya kwanza huchomwa siku hiyo hiyo, nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7, na ratiba nyingine huendelea zaidi. Jeraha lililotoa damu huchomwa pia kingamwili zilizo tayari, ndani na kandokando yake, zilinde mtu wakati chanjo inajijenga. Majivu na mafuta ya taa haviui virusi.

Mbwa yule yule alikuwa amemuuma mkononi mzee mmoja wa mtaa wetu. Baada ya mazishi nilimfuata. "Mwanangu, wiki saba zimepita, nimechelewa," akasema. Nikamwambia, "Mzee, mkono unawasha? Una ganzi?" Hapana. "Basi hujachelewa. Twende sasa hivi." Siwezi kuapa kwamba virusi vilikuwa vimemwingia. Alimaliza sindano zote, na juzi nilimkuta shambani akipalilia mihogo.

Muuguzi mstaafu,
Arua