Kwa nini tunawaachia wateja majina yanayojirudia

Mwezi uliopita mwenye zahanati mmoja alirudi ofisini kwetu akiwa na kompyuta yake mkononi na hasira usoni. Tulikuwa tumemaliza kusafisha jedwali lake la wagonjwa lenye mistari elfu nne na ushee, naye alipolifungua tu akakutana na Asha na Aisha, baba mmoja, babu mmoja, simu moja. Alituambia kwamba tumekula fedha yake, kwa sababu kijana wake wa mapokezi angebonyeza `Remove Duplicates`, kitufe cha Excel cha kufuta mistari inayojirudia, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kutuambia hivyo, tumeona tueleze kwa maandishi.

Kitufe hicho hulinganisha herufi kwa herufi. Kwake yeye Hadija na Khadija ni watu wawili, Ramadhani na Ramazani ni watu wawili, na nafasi moja iliyosahaulika mwishoni mwa jina inatosha kumfanya mtu awe mgeni. Tena hakiunganishi chochote: hubakiza mstari wa kwanza na kufuta inayofuata pamoja na kila kilichoandikwa humo. Ikiwa mzio wa penisilini uliandikwa kwenye mstari wa pili, umekwenda nao.

Kuna mteja aliyejua kwamba majina yake yameandikwa ovyo, akaona aerevuke: aliweka alama kwenye kolamu mbili tu, tarehe ya kuzaliwa na simu, kisha akabonyeza. Mapacha wote wa kituo wakapungua nusu. Kulwa alibaki, Doto akafutika, maana wamezaliwa siku moja na simu ni ya mama yao. Aligundua baada ya wiki kadhaa, mama alipomleta Doto na mapokezi wakasema hajawahi kuandikishwa. Faili lilikuwa limehifadhiwa juu ya lile la zamani, hapakuwa na nakala, nasi tulilazimika kurudia kadi za karatasi moja baada ya nyingine. Malipo ya kazi hiyo yalizidi maradufu yale ambayo angetulipa mwanzoni. Anayetaka kujua kama yamemkuta aingize fomula hii kwenye jedwali la mahudhurio, ikiwa namba ya faili iko kolamu B na orodha ya wagonjwa iko kwenye karatasi iitwayo `Wagonjwa`, namba zao za faili zikiwa kolamu A:

```
=COUNTIF(Wagonjwa!A:A,B2)
```

Panapotokea 0, kuna hudhurio lisilo na mgonjwa.

Sisi huanza na simu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Namba hiyohiyo huandikwa kwa sifuri, kwa +255, kwa nafasi katikati, au bila sifuri kabisa kwa sababu Excel iliichukua kama hesabu na kuimeza sifuri ya mbele. Tunatengeneza kolamu mpya yenye tarakimu tisa za mwisho, bila kuigusa ile ya asili:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2," ",""),"-",""),9)
```

Seli zenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju tunazitenga kwanza, la sivyo fomula huchukua ya mwisho peke yake. Hata hivyo simu haimtambulishi mtu, inatambulisha nyumba. Mama mmoja huandikisha watoto wanne na bibi yao kwa namba yake.

Tarehe ndiyo inayotuchelewesha. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani husoma mwezi kwanza, hivyo 05/03/1990 inakuwa tarehe 3 Mei, ilhali 25/03/1990 haiwezekani kwake na inabaki kama maandishi tu. Dalili huonekana kwa macho: katika kolamu moja, tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Zilizoegemea kushoto kwa kawaida ziko salama. Za kutilia shaka ni zile zilizoegemea kulia zenye siku isiyozidi 12, kwa sababu huenda zimegeuzwa kimyakimya. Halafu kuna 01/01. Mgonjwa asiyejua siku aliyozaliwa huulizwa umri, mapokezi wakatoa hesabu na kuandika tarehe mosi Januari, kwa hiyo tarehe za namna hiyo tunazichukulia kama mwaka tu, tena mwaka wa kukisia.

Kwa majina tunaandaa kolamu ya ufunguo ambamo kh inakuwa h, dh inakuwa z, th inakuwa s, l na r zinahesabiwa herufi moja, herufi zilizojirudia zinapunguzwa, na i ya mwisho inaondolewa ili Saidi na Said wakutane. Muhammad na ndugu zake wote wana orodha yao. Ufunguo huu ni wa kutafutia tu. Haumwamulii mtu, wala jina lililo kwenye kadi halibadilishwi kwa ajili yake.

Chukua mfano wa majina niliyoyatunga. Mstari mmoja una Hadija Saidi Mohamedi, 05/03/1990. Mwingine una Khadija Said Mohammed, 03/05/1990. Tarakimu tisa za simu ni zilezile. Ufunguo wa jina unalingana, na tarehe zinatofautiana kwa kupinduka siku na mwezi. Kabla ya kuunganisha tunatazama jinsia, kisha mahudhurio: kama wote wawili walitibiwa siku moja kwa maradhi tofauti, tunasimama. Yakikubaliana, namba ya faili ya zamani zaidi inabaki, ile nyingine inaandikwa kwenye kolamu ya `namba_ya_awali`, na mahudhurio yake yote yanahamishiwa namba inayobaki. Tarehe iliyo sahihi tunaitoa kwenye kadi, hatuikisii. Mizio ya pande zote mbili inabaki. Kundi la damu likitofautiana hatuchagui. Tunamwachia daktari, kwa kuwa huenda tofauti hiyo ndiyo inayosema kwamba hawa si mtu mmoja.

Jozi zilizokubaliana kwa mambo mawili kati ya matatu, yaani simu, tarehe na jina, tunazipaka njano na kuzirudisha kituoni, ambako kuna kadi na kuna watu wanaowafahamu wagonjwa. Tunaona heri mgonjwa abaki na faili mbili kuliko wagonjwa wawili kuingizwa katika faili moja, kwa sababu mahudhurio yakishachanganyika hakuna anayejua dawa ipi ilikuwa ya nani. Ndiyo maana pia bei yetu huhesabiwa kwa jozi zinazokaguliwa kwa macho, si kwa mistari inayofutwa. Anayelipwa kwa kufuta atafuta. Kazi yenyewe tunaifanya kwenye kompyuta ya kituo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nasi hatupendi faili la wagonjwa lizunguke kwenye WhatsApp.

Tumrudie Asha. Mmoja alikuwa na 01/01/2015, mwingine 14/06/2016. Simu na majina ya baba na babu vilikubaliana, tarehe haikutosha kuthibitisha wala kukanusha, tukapaka njano. Mapokezi walipompigia mama, walikuta ni mtoto mmoja. Mteja alikuwa na haki, nasi tulikubali. Lakini jozi iliyofuata kwenye orodha hiyohiyo, Salma na Salima, yenye tarehe za namna ileile, ilikuwa ya dada wawili, na mmoja wao alikuwa na mzio wa salfa.

Jozi za njano zikirudishwa na majibu ndani ya mwezi mmoja, tunaziunganisha bila malipo ya ziada. Mwenye zahanati yule alileta majibu ya jozi kumi na mbili. Saba bado anazitafutia kadi.