Barua ya wazi kwa wazazi vijana: ile L kwenye ripoti ya damu

Wanangu, hamjambo. Naandika wazi hapa sababu ripoti za damu mnazonitumia zimekua nyingi na swali ni lilelile, "mama, mtoto kaandikiwa L, damu imeisha?" L maana yake namba iko chini ya kiwango, basi mie nijibu mara moja msome wote. Maabara nimefanya miaka, kwanza Eldoret huko juu alafu nikashuka huku Mombasa, na ndo maana nyie mkinionyesha namba tupu mie nauliza kwanza ni ya nani, ana umri gani, na anaishi wapi.

Kwenye ile karatasi, pembeni ya HGB, yani hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, kuna safu ya kiwango cha kawaida, nyingi zimeandikwa 12 mpaka 16 hivi, ni gramu kwa kila mililita 100 za damu. Mashine haimjui mtu jamani. Imewekewa kiwango cha mtu mzima, na mpimaji asipoingiza umri inamsoma mtoto mchanga ka mtu mzima, ikimkuta chini inagonga L na nyumba nzima hailali.

Tuchukue ripoti moja ya aina mnazonitumia. Mtoto wa wiki 10, kazaliwa na miezi yake kamili, kilo 3, HGB ya kuzaliwa 17. Sasa ana kilo 5, ananyonya vizuri, anacheka, HGB 10.1 na L yake hapo. Mama yake kashaambiwa na majirani amkamulie maji ya bitiruti na amtafutie sirapu ya madini ya chuma.

Sasa sikieni. Mtoto akiwa tumboni oksijeni anaipata kwa kondo la nyuma tu, na ni kidogo, kwa hio mwili wake unajaza seli nyekundu nyingi ili kile kidogo kitoshe, ndo mana anazaliwa na 14 mpaka 20 na hata zaidi kidogo. Akishalia na mapafu kufunguka oksijeni inakua tele, na figo zinapunguza ile homoni inayouamrisha uboho wa mifupa utengeneze damu, yani kiwanda kinapumzika wiki kadhaa. Wakati huohuo seli alizozaliwa nazo zinakufa mapema, siku 60 mpaka 90, za mtu mzima huenda 120. Na mtoto mwenyewe anakua mbio. Kwa hio kipimo kinashuka, na kati ya wiki ya 8 na ya 12 kinafika chini kabisa, 9.5 mpaka 11 kwa aliyetimiza miezi. Njiti hushuka mapema zaidi na chini zaidi.

Ukitaka kuona kwamba damu haijapotea piga hesabu. Kilo 3 za mtoto mchanga zina damu kama mililita 250, na kila mililita 100 ina gramu 17 za hemoglobini, jumla gramu 42 na nusu. Kilo 5 zina kama mililita 400, kwa 10.1 unapata gramu 40. Mwaona? Hemoglobini ni karibu ileile, imetandazwa tu kwenye damu nyingi zaidi. Na chuma ya zile seli zilizokufa haitupwi, inawekwa akiba, ndo atakayoitumia kiwanda kikiamka.

Ndio maana sirapu haifanyi kitu hapo, kinachokosekana si chuma, ni amri ya figo, na amri itarudi yenyewe. Na bitiruti kwa mtoto wa wiki 10 hapana kabisa, huyo ni maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. (Njiti na aliyezaliwa na uzito mdogo ni habari nyengine, hao daktari huwaandikia chuma mapema, msichanganye.)

Lakini msinisikie vibaya, kuna kushuka ambako si huku. Ikiwa ni chini ya 9 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au ameshuka mapema kabla ya wiki ya 8, au viganja na ndani ya kope ni vyeupe, anachoka kunyonya, jasho linamtoka akinyonya, anahema mbio, macho bado manjano, huyo apelekwe hospitali leo. Na huku pwani tusisahau selimundu. Mtoto anazaliwa na hemoglobini ya tumboni inayouficha huo ugonjwa, ikipungua baada ya miezi minne mitano hivi ndo vidole vinaanza kuvimba, kwa hio mtoto kuwa mzima wa wiki 10 si ushahidi kwamba hana.

Jambo jengine dogo, angalieni damu imetolewa wapi. Ya kisiginoni kwa mtoto mchanga husoma juu kuliko ya mshipa, na mpimaji akikamua kisigino kwa nguvu maji ya mwilini yanachanganyika na namba inadanganya. Ukilinganisha ya kisigino ya juzi na ya mshipa ya leo utadhani mtoto ametokwa damu.

Kuanzia miezi sita mpaka kabla ya miaka miwili kikomo cha chini ni 10.5, miaka miwili mpaka minne 11, mitano mpaka kumi na mmoja 11.5, na mpaka hapo wavulana na wasichana ni sawasawa. Balehe ndo inawatenganisha. Testosteroni inasukuma uboho utengeneze zaidi, na msichana naye anaanza kutoka damu kila mwezi, kwa hio mwanamke kikomo ni 12 na mwanamume 13. Mjamzito anaruhusiwa 11, na miezi ya katikati 10.5, kwa sababu maji ya damu yanaongezeka kuliko seli.

Sasa mume na mke wa hapa Likoni, wote wana 12.4. Mke yuko sawa. Mume hayuko sawa, hata ka anajisikia fiti, na mwanamume mzima hapungukiwi damu bure, atafutiwe minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, choo cheusi.

Mpeleke huyohuyo mke mwenye 12.4 Eldoret, si mgeni wa wiki moja, mkaazi. Kule ni kama mita 2,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, figo zinaamrisha seli zaidi, kwa hio Shirika la Afya Duniani kwa urefu wa mita 2,000 mpaka 2,499 linasema punguza 1.4 kabla ya kusoma. 12.4 toa 1.4 ni 11.0. Ana upungufu wa damu, na mashine haikugonga L yoyote! Nairobi hutolewa 1.1, Mombasa hakuna. Hizo ni hesabu za mwaka 2024, za zamani zilikua ndogo zaidi, basi msishangae mkiona vitabu vinatofautiana. Na si miili yote inapanda sawa, Wahabeshi wa nyanda za juu wanaishi kwenye mita 3,500 na hemoglobini zao karibu na za watu wa pwani.

Seli nyeupe ntagusia tu. Mtoto wa siku ya kwanza kua na elfu 20 kwa mikrolita moja ya damu, hio peke yake si dalili ya maambukizi, na wengi wetu Waafrika neutrofili zetu, aina moja ya hizo seli nyeupe, ni chache kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi na hatuna ugonjwa.

Basi mkinitumia picha ya ripoti tena andikeni chini yake umri, wa mtoto mchanga kwa wiki, kama alizaliwa kabla ya miezi, damu ilitolewa kisigino au mshipa, mama ana mimba au hana, na miezi mitatu iliyopita mlikua mnaishi wapi. Picha isiyo na hayo sitaijibu.

Mama yenu, Likoni