Kwa nini muziki wa tangazo lako unarukaruka chini ya msimulizi

Malalamiko tunayopokea mara nyingi kuhusu matangazo yaliyotengenezwa nyumbani ni haya mawili: "muziki unameza maneno" na "muziki unapandapanda kama mtu anayehema". La kwanza watu hulitibu kwa kuushusha muziki zaidi, na hapo hapo la pili linazaliwa. Nyuma ya yote mawili kuna ufundi mmoja, saidicheni. Kinachoharibika mara nyingi ni ile sauti inayoiongoza kompresa na muda inaopewa. Kiasi cha kushusha ndicho kinacholaumiwa, lakini kwa kawaida kina makosa machache.

Kompresa ya kawaida husikiliza sauti inayopita ndani yake, na sauti hiyo ikivuka kizingiti huishusha. Kwenye saidicheni kompresa inakaa juu ya treki ya muziki lakini masikio yake yako kwenye treki ya msimulizi. Msimulizi akifungua mdomo muziki unashuka, akinyamaza unarudi. Sauti inayoongoza tutaiita ufunguo.

Kiasi cha kushuka kinapatikana kwa hesabu ndogo, iwapo sauti imevuka kizingiti:

```
punguzo = (kiwango cha ufunguo - kizingiti) x (1 - 1/uwiano)
```

Tuchukue tangazo la sekunde 30. Msimulizi anasoma kwa wastani wa desibeli -18, kizingiti tumekiweka -30, uwiano ni 4 kwa 1. Sauti imevuka kizingiti kwa desibeli 12, robo tatu yake ni 9, kwa hiyo muziki unashuka desibeli 9. Kwa tangazo la kawaida hapo ni pazuri.

Shida ni kwamba hakuna msimulizi anayesoma kwa -18 mwanzo hadi mwisho. Jina la bidhaa atalitamka kwa nguvu, tuseme -12, na mwisho wa sentensi sauti itazama hadi -26. Rudia hesabu: kwenye neno la nguvu muziki unashuka desibeli 13.5, kwenye neno la chini unashuka 3 tu. Yaani neno ambalo lingesikika hata bila msaada linapewa nafasi kubwa, na lile linalohitaji msaada linaachwa lipigane na muziki. Kompresa haijakosea, imefanya ilichoambiwa. Ndiyo maana ukiongeza uwiano au ukishusha kizingiti kwa hasira, pengo hilo haliondoki. Muziki unashuka zaidi kila mahali na unaendelea kuyumba.

Dawa yake ni kutengeneza ufunguo wa pembeni. Nakili treki ya msimulizi. Nakala hiyo haitasikika kwenye miksi, kazi yake ni kuiongoza kompresa ya muziki tu, kwa hiyo unaweza kuitendea ukatili ambao sauti halisi isingeuvumilia. Kwanza kata sauti nzito zote chini ya hezi 120, ili mpumuo wa herufi kama "p" na "b" au mngurumo wa feni usiushushe muziki bila sababu. Kisha weka kompresa juu ya nakala yenyewe: kizingiti -36, uwiano 4 kwa 1, halafu iongeze kwa desibeli 13.5. Ile -12 inakuwa -16.5, ile -26 inakuwa -20, na wastani unabaki pale pale -18. Sasa muziki unashuka kati ya desibeli 7.5 na 10, badala ya 3 hadi 13.5. Sikio halishiki tofauti hiyo kama mtikisiko.

Kuongeza huko kuna gharama yake. Pumzi iliyokuwa -40 sasa imefika -26.5, imevuka kizingiti cha muziki, na kila msimulizi anapovuta hewa muziki utainama kidogo. Weka geti, yaani kifaa kinachonyamazisha sauti iliyo chini ya kizingiti chake, mwanzoni mwa nakala, au kata pumzi kwa mkono. Kwa sekunde 30 tunakata kwa mkono. Ni kazi ya dakika tano na haibahatishi.

Kuna njia nyingine ya kulifikia jambo hilo hilo: geti yenye hali ya Duck na kitufe cha Range. Hiyo haipimi sauti imevuka kwa kiasi gani, inauliza kama imevuka au la, kisha inashusha muziki kwa kiasi ulichoandika kwenye Range. Kama unayo, itumie, maana kwa sauti ya msimulizi tunaiamini kuliko kompresa.

Twende kwenye muda, ambako ndiko kule kuhema kunakotokea. Ndani ya sentensi msimulizi huacha mapengo ya sekunde 0.2 hadi 0.3. Kati ya sentensi na sentensi kwenye tangazo letu kuna 0.7. Katikati, picha ya bidhaa inapoonyeshwa, amenyamaza sekunde 3. Msikilizaji anataka muziki urudi kwenye lile pengo la sekunde 3 pekee. Ukiweka Release, yaani muda wa muziki kupanda tena, milisekunde 100, muziki utachungulia kwenye kila koma. Ukiweka sekunde 3, hautarudi hata pale unapotakiwa.

Kwa hiyo tafuta kifaa chenye Hold, yaani muda wa kusubiri kabla muziki haujaanza kupanda. Weka Hold milisekunde 800, ndefu kidogo kuliko pengo refu ambalo hutaki muziki ujitokeze, kisha Release milisekunde 700. Pengo la 0.7 linapita muziki ukiwa umetulia chini. Kompresa yako ikiwa haina Hold, jaribu Release ya milisekunde 1200 hadi 1500. Muziki utaanza kupanda kati ya sentensi, ila polepole kiasi cha kutosumbua. Namba hizi zichukulie kama pa kuanzia, kwa sababu watengenezaji hawapimi Release kwa namna moja, na 700 ya programu moja inaweza kusikika kama 1000 ya nyingine.

Upande wa kushuka, wengi huweka Attack, yaani muda wa muziki kuteremka, fupi kabisa ili silabi ya kwanza isimezwe. Matokeo ni muziki unaokatika ghafla, na besi ikiwa nene utasikia mlio mdogo wa "tap". Wimbi moja la noti ya hezi 50 linachukua milisekunde 20. Ukiubadilisha ukubwa wake ndani ya milisekunde 2 umelivunja wimbi lenyewe, na huo mlio ni sauti ya kuvunjika huko. Badala yake, isogeze ile nakala ya ufunguo mbele kwa milisekunde 150, yaani ianze kabla ya sauti halisi, kisha weka Attack milisekunde 100. Muziki unateremka kwa upole na unakuwa umefika chini msimulizi anapoanza. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na nakala, kwani kompresa haiwezi kubashiri lakini nakala iliyotangulia inaijulisha mapema.

Sasa lipime lile pengo la sekunde 3. Ufunguo unaisha 0.15 kabla ya neno la mwisho kuisha, Hold inaushikilia muziki hadi 0.65 ya pengo, Release inaufikisha juu mnamo 1.35, na ufunguo wa sentensi inayofuata unaanza kuushusha kwenye 2.85. Muziki umepata sekunde 1.5 za kusikika kikamilifu. Kama picha inahitaji zaidi ya hapo, punguza Release au mwombe mhariri wa video aongeze pengo. Kuchezea kizingiti hakutakupa hata nusu sekunde.

Kwenye programu ya Reaper, buruta kitufe cha Route cha treki ya ufunguo ukidondoshe kwenye treki ya muziki, kisha kwenye send hiyo badilisha upande wa kupokelea kutoka 1/2 kuwa 3/4. Fungua ReaComp, kompresa ya Reaper, kwenye treki ya muziki, na kwenye Detector input chagua mstari wa Auxiliary. Rudi kwenye treki ya ufunguo uondoe tiki ya Master send. Usitumie Mute, maana inaweza kunyamazisha na ile send, nawe ukabaki unashangaa kwa nini mita haitikisiki. Zima pia Auto make-up, la sivyo kompresa itaupandisha muziki ili kufidia ilichoshusha, na msimulizi akinyamaza utavamia.

Anayetumia Audacity ana Auto Duck, ambayo hushusha kwa kiasi kimoja kisichobadilika, kwa hiyo tatizo la neno la nguvu na neno la chini halimhusu sana. Treki ya msimulizi lazima iwe moja kwa moja chini ya treki ya muziki uliyoichagua. Maximum pause inafanya kazi inayofanana na Hold. Kwa tangazo letu sekunde 1 inatosha.

Kabla ya yote hayo, weka fada ya muziki mahali pake. Saidicheni haikuumbwa kubeba mzigo wote. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C, unaohusu kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya tovuti, kwenye kipengele 1.4.7 cha ngazi ya juu kabisa, AAA, unataka sauti za nyuma ziwe angalau desibeli 20 chini ya maneno ili wasiosikia vizuri wafuatilie. Muziki wetu ukiwa -22 kabla ya kushushwa, punguzo la 9 linaufikisha -31, desibeli 13 tu chini ya msimulizi. Mtu atashawishika kuongeza punguzo hadi 16, na hapo mruko utasikika hata kwa asiyejua lolote la sauti. Shusha fada hadi -29 na uache punguzo la 9: unapata -38, na tofauti ni 20 kamili. Kama lengo si hilo, 13 hadi 15 hutosha kwa muziki wa ala tupu. Muziki wenye mwimbaji ni kesi nyingine. Maneno hupigana na maneno hata yakiwa chini, na hakuna kompresa tunayoijua inayomaliza ugomvi huo, kwa hiyo tuletee toleo la ala peke yake.

Ukitaka tukufanyie kazi hii, tutumie mafaili mawili ya WAV, la msimulizi na la muziki, yote yakianzia sekunde ile ile ya video. Faili moja ambalo tayari limechanganywa halitupi ufunguo safi wala muziki wa kushusha, kwani kila tutakachoushusha muziki tutakuwa tunamshusha na msimulizi.