Barua kwa mwanangu: dumu la mafuta umelipima?

Mwanangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Picha ya bango la bei la mgahawa wako nayo imefika. Nimeikuza kwa miwani ya baba yako na kusoma kila mstari, kuanzia supu hadi juisi ya ukwaju. Limependeza. Mama wa jirani nimemwonyesha kabla hata sijamaliza kusoma mwenyewe, nikamwambia huyu ndiye yule aliyekuwa anaogopa moto wa mkaa.

Ila usiku sikulala vizuri. Kupandisha bei si kosa, tena umechelewa, miezi 14 bei ni zilezile. Kinachonikosesha usingizi ni jibu lako. Nilikuuliza hiyo asilimia 20 uliyoongeza kwenye kila chakula umeitoa wapi, ukaniambia, "Mama, kila kitu kimepanda." Nikauliza mafuta je? Ukasema mafuta hayajapanda, dumu bado ni 80,000. Sawa. Umelipima?

Mimi la kwangu nililipima Jumamosi. Unachukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, unamimina mafuta humo moja moja huku unahesabu. Dumu la lita 20 linatakiwa kutoa chupa 13 na kipande. La kwangu limetoa 12 kamili, yaani lita 18. Bei haikusogea, dumu ni lilelile la njano, ila lita mbili zimebaki kwa yule anayejazia kutoka kwenye pipa. Kama utatumia mizani badala ya chupa, kumbuka mafuta ni mepesi kuliko maji, lita 20 zina kilo 18 na kidogo tu. Usije ukagombana na muuzaji kwa kilo 18 zilizo halali yake.

Ile karatasi yako ya hesabu ya chapati uliyoiacha kabatini nimeitoa. Ulifanya vizuri, nakiri, kuliko nilivyokuwa nafanya mimi. Unga kilo 5, chapati 60. Unga 8,000, mafuta lita moja na robo 5,000, mkaa 2,500, chumvi na sukari 300, mifuko ya kaki 20 ya wanaobeba 1,000, posho ya dada wa jikoni upande wa chapati 5,000. Jumla 21,800, kila chapati imekugharimu kama 363, unauza 500. Hapo ulikuwa unabaki na 137.

Nimeirudia kwa bei za sasa na kwa aliyoyaona mdogo wako alipokuja kwako. Mfuko wa unga wa kilo 25 umetoka 40,000 ukawa 44,000, kwa hiyo unga wa siku umeongezeka 800. Dada umemwongeza posho, 1,000 hiyo. Hayo mawili unayajua kwa sababu uliyatoa mkononi ukiyaona. Sasa angalia yale ambayo hukuyaona. Mafuta, kama dumu lako ni kama langu, yameongezeka kama 550. Mkaa, gunia bado 50,000, ila mdogo wako anasema lilikwisha siku ya saba, na karatasi yako inasema lilikuwa linakwenda siku kumi. Kilemba cha juu kimeondolewa na chini kuna vumbi. Nusu ya mkaa ndiyo ya chapati, hapo kuna 1,070. Mifuko ya kaki, bunda bado 5,000 ila ndani iko 80, siyo 100. Ongeza 250.

Yale uliyoyaona ni 1,800. Yaliyojificha ni 1,870. Chapati imefika kama 424, na ile 137 yako imebaki 76. Ndiyo maana ulikuwa unaniambia wateja wapo, jioni pesa haipo, na mimi nikakujibu kwamba unatumia ovyo. Basi.

Na usinitajie tena ile asilimia 3 ya mfumuko wa bei uliyoisikia redioni. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu lina kodi za nyumba, nguo, nauli, simu na mengine mengi ya nchi nzima, na wanalipima kwa haki. Wewe kapu lako ni unga, mafuta, mkaa na mchele. Gharama ya chapati yako imepanda kama asilimia 17. Sasa labda utasema 20 yako haikuwa mbali. Kwenye chapati, ndiyo. Lakini umeiweka na kwenye chai ya rangi, ambayo majani na tangawizi vyake havikufanya lolote, na ukaiweka hiyohiyo kwenye kuku, ambaye sijui amepanda kiasi gani na nina hakika nawe hujui. Kwa hiyo kuna chakula unamwonea mteja, na kuna kingine bado unamlisha bure.

Mteja wako wa asubuhi ni fundi wa ujenzi na dereva wa bodaboda. Huyo hasomi bango. Anakuja na buku mkononi, anajua buku ni chai na chapati. Kwa bango lako jipya chapati ni 600 na chai ni 600. Atasimama pale na buku lake, adaiwe 200, na wewe huna chenji ya aliyetoa 2,000, na foleni nyuma inanung'unika. Kesho yake atapita kwa jirani.

Jaribu hivi: chapati 600, chai ishushe iwe 400. Buku la fundi limebaki buku. Anayekula mbili anaongeza mia tu, na anayebeba za nyumbani analipa gharama yake halisi, mfuko wa kaki ukiwemo. Ukiuza chapati zote 60 unapata 6,000 zaidi. Kwa vikombe 25 vya chai unapoteza 2,500. Umebaki na 3,500, na pengo lako ni 3,670. Karibu limezibika, na hakuna aliyeshtuka. Hesabu hii inashika ukiwa na wabebaji wengi. Siku vikombe vya chai vikikaribia idadi ya chapati haitakufaa, kwa hiyo hesabu vikombe wiki nzima kwanza.

Usipunguze ukubwa. Najua utafikiria hilo. Tonge ukilitoa gramu 20 unadhani nani ataona? Wanaona. Kuna mwaka kule stendi chapati zangu zilikuwa zinaitwa "za mtoto", na wewe ulikuwa unakuja pale na sare za shule ukicheka pamoja nao bila kujua wanamcheka nani. Wale mafundi wa seremala hawakurudi hata nilipozirudisha ukubwa wake.

Ofisini ni habari nyingine. Wale wanaoagiza chakula cha mchana kwa mwezi usiwapandishie ghafla siku ya kulipa. Wapelekee karatasi wiki mbili kabla mwezi haujaanza, uandike bei na chini yake "bei hizi ni hadi mwisho wa mwezi ujao". Huo mstari wa mwisho ndio muhimu. Ukiwa hapo kila mwezi, siku bei ikibadilika hawaoni kitu kigeni, na ikikaa palepale watafurahi. Wanaolipa wenyewe, badilisha bei mara baada ya mshahara kutoka. Ukibadilisha tarehe 18 watu wameishiwa, shilingi 200 inaonekana kama 2,000.

Shughuli za harusi, chukua malipo ya awali siku hiyohiyo uende Soko la Majengo ununue mchele na mafuta. Kama huna pa kuweka, basi andika bei inadumu siku 14 tu. Mwaka 2022, mafuta ya kula yalipopaa, nilikuwa na harusi niliyoitajia bei miezi miwili nyuma, na nikaona haya kurudi kwa wenyewe. Chakula kilitoka, kilisifiwa. Ule muhula uliochelewa kurudi shule wiki tatu, nilikwambia benki imechelewesha ada. Benki haikuchelewesha kitu.

Sasa mpango wenyewe. EWURA hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mimi nilikuwa naitumia kama kengele. Jumapili inayofuata, kabla ya misa, kaa na karatasi moja: pima dumu, hesabu mifuko ndani ya bunda, angalia ukutani. Ukutani ni kwa ajili ya mkaa, siku unapofungua gunia unaandika tarehe kwa chaki, siku linapoisha unaandika tena. Andika na nauli ya bodaboda ya sokoni, ile huwa unaitoa mfukoni na haiingii popote. Gharama zigawe kwa chapati zilizouzwa, siyo zilizopikwa. Zikibaki nne, 424 yako inageuka kama 455.

Kupima kila mwezi si kubadilisha kila mwezi. Gusa vyakula viwili au vitatu kwa mara moja, tena vile ambavyo gharama yake imesogea kweli, na ukiisha kugusa kimoja kiache kama miezi mitatu. Chai, chapati na wali maharage watu wanavikariri na kulinganisha na jirani. Supu ya kuku na juisi hakuna anayevikariri, anza na hivyo.

Na lile bango. Umelilipia pesa nyingi, ndiyo maana utaogopa kulibadilisha, na kwa kuogopa utakaa tena miezi 14. Majina ya vyakula yaache yalivyo, yamependeza. Bei zizibe kwa vikaratasi vigumu vya kubandika na kubandua.

Mdogo wako anapanda treni ya umeme Ijumaa. Nimempa mchele wa Ifakara kilo 10, ndizi, na ile mizani yangu ya stendi. Sahani yake moja imebonyea, weka kijiwe kidogo upande wa kushoto ndipo isimame sawa. Baba yako dawa za presha anakunywa, siku nyingine anasahau na kusema amekunywa. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena juu ya jiko, fundi anataka 60,000 na nimemwambia arudi mwisho wa mwezi. Usitume hela ya bati. Pima kwanza lile dumu, kisha unipigie uniambie zimetoka chupa ngapi.

Mama yako
Morogoro