Damu chooni: kabla hujaomba tyubu ya bawasiri

Mteja akiinama kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini kama tuna dawa ya bawasiri, hatukimbilii kumpa tyubu. Tunamvuta pembeni, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya rafu, na kumuuliza kwanza: kunauma? Baadhi ya wateja hushangaa, kwa sababu wamekuja kununua na si kuhojiwa. Lakini jibu la swali hilo moja linatuonyesha mengi kuliko damu yenyewe.

Mwaka jana, korosho zikiwa zimeanza kuingia maghalani, alikuja kijana anayeendesha bodaboda hapa Mtwara mjini. Mkononi alikuwa na tyubu iliyokamuliwa mpaka mwisho, na haikuwa ya kwanza. Alikuwa anatoka damu kidogo kila akienda haja kubwa, na nyuma kabisa ya njia ya haja alikuwa akipapasa kinyama kidogo. Jirani alimwambia hiyo ni bawasiri, akaamini. Nani asingeamini? Kinyama kipo na damu ipo.

Tukamuuliza maumivu yanakuja saa ngapi. Akasema choo kikipita anahisi kama wembe unamchana, halafu panawaka moto mpaka karibu na adhuhuri, hata kukaa kwenye pikipiki hawezi. Damu ni mstari mwekundu upande mmoja wa choo na doa kwenye tishu, basi. Kwa hofu ya maumivu alikuwa anajibana siku mbili, tatu, na choo kikija kutoka kinakuwa kigumu zaidi.

Maelezo hayo si ya bawasiri ya ndani. Ni ya mpasuko: ngozi ya mdomo wa njia ya haja kubwa imechanika, mara nyingi kwa choo kigumu, na karibu kila mara huchanika upande wa nyuma, katikati. Mpasuko ukikaa wiki nyingi bila kupona, ngozi ya pembeni yake huvimba na kuota kinyama. Kinyama hicho ndicho kinachowapoteza watu. Ukikikata au kukipaka dawa kali za kuunguza, umeshughulika na mlinzi wa mlango huku kidonda kikibaki ndani.

Sababu ya tofauti ya maumivu iko kwenye mishipa ya fahamu. Sehemu ya chini ya njia ya haja imefunikwa na ngozi yenye hisia kali kama ngozi ya kidole, na mpasuko hutokea hapo. Bawasiri ya ndani huota juu zaidi, mahali ambapo utando hauhisi kuchanwa. Kwa hiyo mtu anaweza kudondosha damu nyekundu hata kuchafua sinki lote asihisi maumivu yoyote. Damu hiyo hutoka mwishoni, choo kikishapita, na pengine kuna uvimbe unaochomoza wakati wa kujikamua kisha unarudi wenyewe au unasukumwa kwa kidole. Bawasiri inayouma sana kwa kawaida ni ya nje iliyogandisha damu: uvimbe mgumu wa rangi ya bluu unaotokea ghafla na kuuma muda wote, uwe umeenda chooni au hujaenda. Ukikupata huo, usisubiri wiki. Daktari anaweza kuufungua, na faida ni kubwa zaidi ndani ya siku 3 za mwanzo.

Kijana wetu tulimwelekeza hospitali, na daktari aliuona mpasuko kwa kutenganisha ngozi taratibu tu, bila kuingiza kidole. Tyubu alizokuwa anapaka zilikuwa na dawa ya jamii ya steroidi. Dawa hizo hupunguza muwasho na uvimbe wa bawasiri kwa siku chache, lakini ukizipaka zaidi ya wiki moja zinalainisha na kudhoofisha ngozi, yaani zinamharibia mtu ambaye ngozi yake tayari imechanika. Aliachishwa. Akapewa dawa ya kulainisha choo, akaambiwa akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 kila baada ya haja, na akaandikiwa mafuta ya gliserili trinitreti ya kulegeza msuli. Mpasuko huchelewa kupona kwa sababu msuli unaofunga njia ya haja hukaza kwa maumivu na kuzuia damu kufika kwenye kidonda, hivyo msuli ukilegea, ngozi inapata nafasi ya kuunga. Alipaka wiki 6, ingawa maumivu yalipungua mapema na alitamani kuacha.

Mafuta hayo tunayatoa kwa cheti cha daktari tu. Yanaweza kuumiza kichwa, na anayetumia vidonge vya nguvu za kiume asiyaguse kabisa, kwa sababu vikikutana presha hushuka vibaya. Ndiyo maana tunauliza swali hilo pia. Tusamehe, hatupelelezi ndoa ya mtu.

Kuhusu chakula: ugali wa muhogo kwa samaki, siku nenda siku rudi, bila mboga na kwa maji kidogo, ni njia fupi ya kupata choo kigumu. Mbaazi tunazo, kunde zipo, kisamvu na mapapai vimejaa sokoni. Ongeza hivyo pamoja na maji, na ukisikia haja, nenda.

Sasa upande unaotutia wasiwasi zaidi. Wengi wetu tunatawadha kwa maji na kutumia choo cha shimo, kwa hiyo choo chenyewe hatukioni, na damu kidogo ndani ya maji huonekana nyingi. Ukiwa na shaka, kwa siku chache jifute kwanza kwa tishu nyeupe kabla ya maji, na ukiweza jisaidie kwenye poti ukague. Angalia kama damu imepakaa juu tu au imechanganyika na choo, na kama kuna makamasi. Damu iliyochanganyika, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuhara kunakokuamsha usiku, kukonda, kuchoka na kupauka viganja: hayo yanaelekeza kwenye utumbo wenyewe, iwe ni vidonda vya utumbo mpana au saratani. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu ya juu, tumboni, isipokuwa kama unameza vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hukifanya choo kiwe cheusi. Kuhara damu pamoja na homa ni jambo la siku hiyohiyo, hasa kwa mtoto.

Rangi peke yake isikutulize. Saratani iliyo karibu na mlango hutoa damu nyekundu vilevile kama bawasiri, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo aliyevuka miaka 40 na ameanza kutoka damu, au ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kuugua saratani ya utumbo, hatumuuzii tyubu ya pili kabla hajapimwa. Kipimo cha kwanza ni daktari kuchunguza kwa kidole na kupima wingi wa damu mwilini. Hayo hufanyika katika hospitali za Ligula, Sokoine kule Lindi au Ndanda, na kutoka hapo ndipo wataamua kama kamera ya utumbo inahitajika. Ukitoka damu nyingi bila kukatika, au ukahisi kizunguzungu, pita moja kwa moja hospitali, usipitie kwetu.

Ukija dukani, njoo mwenyewe badala ya kumtuma mtoto na karatasi, na beba tyubu au unga wowote uliokwisha kutumia, hata ule ulionunua mnadani bila lebo.